Maboksi 180 na imeili mbili, moja ya hasira na moja ya hesabu

Imeili ya kwanza niliiandika kwa kampuni inayotuuzia maboksi, saa nne usiku nikiwa hata viatu vya kazini sijavua. Mpaka leo ipo kwenye folda ya zilizotumwa na kila nikiifungua naona aibu kidogo. Aya sita, alama za mshangao sijui ngapi, na neno "matapeli" limo mara mbili. Nilivyobonyeza kutuma nikahisi nimetua gunia. Siku mbili baadaye likaja jibu la mistari minne tu, la adabu kabisa, na nilivyomaliza kulisoma nikaona kumbe sasa mimi ndio nina kesi ya kujibu.

Ngoja nirudi nyuma. Mimi ni mtu wa manunuzi kwenye ofisi ndogo, tunapaki bidhaa na kuzituma, kwa hiyo maboksi kwetu ni kama maji. Tuliagiza maboksi 600 ya sm 40 kwa 30 kwa 30, ya tabaka tano, wenyewe wanaita plai tano. Kwa asiyejua, boksi la tabaka tatu ni karatasi mbili bapa na katikati kuna karatasi moja iliyokunjwa mawimbi, la tabaka tano lina mawimbi safu mbili na karatasi bapa tatu. Kwa macho ya haraka yanafanana, rangi ileile, saizi ileile. Tofauti utaijua ukipanga moja juu ya jingine likiwa na kilo 18 ndani.

Oda ilitoka tarehe 3 Machi. Mzigo ukafika tarehe 12, mabunda 30, kila bunda maboksi 20 yamefungwa kamba ya plastiki. Nikahesabu mabunda, yametimia, dereva ana haraka, nikasaini deliveri noti, ile karatasi ya kupokelea mzigo, pale chini penye maandishi madogo "imepokelewa katika hali nzuri". Tarehe 16 vijana wakaanza kupaki na ilipofika mchana mpangilio mmoja ukabonyea, maboksi ya chini yakapasuka pembe, mengine yakaanza kulala upande. Hapo ndipo hasira ikapanda, na usiku ule ndio nikaandika lile lipasho langu.

Jibu lao lilisema hivi kwa kifupi: deliveri noti ya tarehe 12 Machi imesainiwa kwamba maboksi 600 yamepokelewa yakiwa mazuri, maboksi yakiwekwa penye unyevu hulegea, na kama yote 600 ni mabovu kama nilivyodai basi wanaomba ushahidi. Basi. Hakuna tusi, hakuna kelele.

Nikalisoma mara tatu nikaona aliyeandika anajua kazi yake. Kwenye aya zangu zote sita alichagua kitu kimoja tu cha kushika, lile neno "yote", kwa sababu hakikuwa kweli na yeye alijua hakiwezi kuwa kweli. Mimi nilikuwa nimeona maboksi kumi na kitu hivi yameharibika, mengine hata sijayagusa, nikaandika "maboksi yote mliyotuletea ni takataka". Sentensi moja iliyozidi ikampa ruhusa ya kutilia shaka zote zilizobaki. Na "matapeli" ndiyo kabisa, maana utapeli ni nia, na nia ya mtu mimi nitaithibitishaje? Ningesema tu boksi ni la tabaka tatu, hilo lina rula.

Aliyeniokoa ni mzee wetu wa stoo. Nilimpelekea jibu nikiwa nalalamika, akalisoma kwenye simu yangu kwa kuisogeza mbali kama wanavyofanya wazee, akasema, "Sasa kijana wangu, mabovu ni mangapi?" Nikasema mengi. Akasema, "Mengi siyo namba." Tukaenda stoo.

Aisee, hakufungua hata bunda moja. Aliinama tu akawa anaangalia pembeni, kwenye ule ukingo uliokatwa ambapo mawimbi yanaonekana. Anapita na kidole: hili mbili, hili mbili, hili moja. Yaani ile siku ya tarehe 12 ningeinama dakika tano tu ningeona bila hata kisu, hilo bado linaniuma. Tulimaliza mabunda yote 30 kwa nusu saa, tukahesabu na yale yaliyokuwa yameshafunguliwa na kamba zake: mabunda 21 yako sawa, mabunda 9 ni ya tabaka tatu. Maana yake maboksi 420 mazuri na 180 siyo. Yaani ile "yote" yangu ilikuwa mara tatu na zaidi ya ukweli.

Halafu mzee akaona kitu ambacho mimi nisingekiona. Kila bunda lina kikaratasi cha kiwandani, na yale tisa yote yalikuwa na namba ya bechi moja, tofauti na ya yale 21. Hapo hoja ya unyevu ikafa yenyewe. Mabunda yamekaa chumba kimoja, paleti zilezile, mengine yamechanganyika kabisa, unyevu hauwezi kuchagua bechi. Isitoshe unyevu unalegeza boksi, hauondoi safu nzima ya mawimbi.

Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba tuliahidiwa tabaka tano, na hapa nikatoka jasho. Nikafungua oda yetu nikakuta tumeandika "boksi la kupakia, 40x30x30, pisi 600". Tabaka haijatajwa popote! Nilikuwa na uhakika tumeongea, ila kuongea kwa simu na hewa ni kitu kimoja. Nikachimba inboksi karibu saa nzima mpaka nikapata kotesheni yao ya tarehe 27 Februari, imeandikwa wazi "tabaka tano", na oda yetu chini ilikuwa inataja namba ya kotesheni hiyo. Bila huo uzi mmoja mdogo ningekuwa na picha nzuri sana za maboksi ya tabaka tatu ambayo hakuna karatasi inayosema hayakutakiwa kuwa ya tabaka tatu. Kwa hiyo siku hizi kabla sijapiga hata picha natafuta kwanza ahadi iko wapi kwa maandishi, maana picha inaonyesha tu ulichopewa, haionyeshi ulichoahidiwa.

Picha nazo zina mambo yake. Zile za kwanza nilipiga za kuonyesha uchungu, lundo la maboksi yamelala, giza, kidole changu kimeziba kona. Ukizitazama huwezi kujua ni maboksi ya nani, ya lini. Tarehe 19 tukapiga upya. Tulikata kipande kwa wembe kutoka boksi la bechi moja na kingine kutoka bechi nyingine, tukaviweka vikitazamana na rula katikati, na kile kikaratasi cha kiwandani kimo humohumo kwenye fremu. Kimoja mm 4, kingine karibu mm 7. Picha hiyo moja ilifanya kazi kuliko zile kumi na saba. Kisha tukapiga moja ya bunda zima kwa mbali ili ionekane kipande kimetoka wapi. Na picha za asili nikaziacha kwenye simu, maana ukituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida zile taarifa za ndani za saa na tarehe iliyopigwa zinaondolewa, mtu akibisha tarehe unabaki huna kitu.

Katikati ya hayo yule kijana wao wa mauzo akanipigia, mchangamfu, "kaka usijali, hilo dogo, tutaliangalia". Zamani ningesubiri. Safari hii baada ya simu nikamwandikia mistari miwili: asante kwa simu ya leo tarehe 19 Machi saa tano asubuhi, nimeelewa kwamba mtalifuatilia suala la oda 0417, nitatuma maelezo kamili kesho, kama nimeelewa vibaya naomba unisahihishe. Hakujibu, lakini hakusahihisha pia, na sasa ile simu ina tarehe.

Kabla ya kuandika nikageuza invoisi nikasoma yale maandishi ya nyuma ambayo hakuna mtu anayasoma. Yanasema kasoro ziripotiwe ndani ya siku 7 tangu kupokea. Tulipokea tarehe 12, kwa hiyo mwisho ni tarehe 19, na mimi naandika tarehe 20. Moyo ulipasuka pa. Kisha nikakumbuka lile lipasho la tarehe 16, limo ndani ya siku saba! Matusi yote yale, lakini lilitaja namba ya oda na lilisema maboksi yana tatizo, na lina tarehe. Ndiyo faida yake pekee. Tangu hapo nikiona kasoro natuma siku hiyohiyo taarifa fupi ya mistari mitatu, tumeona tatizo kwenye oda fulani, tunakagua, maelezo kamili yanafuata, halafu ndio naenda kuhesabu kwa utulivu. Taarifa inawahi muda wa kuripoti, hesabu inakuja na subira yake.

Hii ndiyo imeili ya pili, nimeiweka karibu yote:

Kichwa: Oda 0417: maboksi 180 kati ya 600 si ya tabaka tano, tunaomba mbadala ifikapo 31 Machi

Habari za kazi,

Naandika kuhusu oda namba 0417 ya tarehe 3 Machi, maboksi 600 ya sm 40 x 30 x 30, tabaka tano kwa mujibu wa kotesheni yenu ya tarehe 27 Februari (kiambatanisho 1).

Mzigo ulifika tarehe 12 Machi, mabunda 30. Nilisaini baada ya kuhesabu mabunda, maboksi yenyewe hayakukaguliwa siku hiyo (kiambatanisho 2). Tatizo tuliliona tarehe 16 Machi tulipoanza kupaki, na tuliwaandikia siku hiyohiyo.

Tarehe 19 Machi tumekagua mabunda yote. Mabunda 21, yaani maboksi 420, yako sawa. Mabunda 9, yaani maboksi 180, ni ya tabaka tatu, unene mm 4 badala ya karibu mm 7. Mabunda hayo 9 yana namba ya bechi moja, tofauti na ya yale 21 (picha, kiambatanisho 3). Yote yamehifadhiwa chumba kimoja.

Kati ya hayo 180, maboksi 14 yalishatumika kabla hatujagundua na tumeyatunza. Maboksi 166 hayajatumika, tumeyatenga.

Tunaomba mtuletee maboksi 180 ya tabaka tano bila gharama ya ziada ifikapo tarehe 31 Machi. Kama hamtaweza, tunaomba kredit noti ya maboksi 180 ifikapo tarehe hiyohiyo. Tunaomba mtujibu kwa maandishi ifikapo tarehe 24 Machi mmechagua lipi.

Malipo ya maboksi 420 yatafanyika kwa wakati wake. Ya 180 yanasubiri suluhisho la jambo hili.

Imeili yangu ya tarehe 16 Machi ilisema maboksi yote ni mabovu. Haikuwa sahihi, hesabu sahihi ni hii.

Hapo mwisho bosi wangu alikataa kabisa. "Unajikaanga mwenyewe?" Tukabishana kidogo. Mimi niliona wao tayari wanajua kwamba "yote" ni uongo, na wataendelea kunining'iniza kwa neno hilo mpaka nilitoe mwenyewe. Hata yale 14 alitaka tuyafiche, tuseme 180 mapya kabisa hayajaguswa, nikamwambia wakija kuyachukua watahesabu, wakikuta 166 nani atatuamini kwenye hayo mengine. Akakubali kwa shingo upande.

Rasimu yangu ya kwanza ya ile aya ya maombi ilikuwa tofauti. Niliandika "tunaomba kama inawezekana mliangalie suala hili mapema, samahani kwa usumbufu". Dada wa uhasibu ndiye aliyenishtua, akauliza, "Samahani ya nini? Na mapema ni lini?" Sisi tumelelewa kuomba kwa upole, na sioni ubaya wa "tunaomba", mimi nimeliacha mara tatu humo ndani na halijapunguza kitu. Kinacholegeza ni "kama inawezekana" na "mliangalie". Mtu ukimwomba aliangalie jambo ataliangalia kweli, atalitazama hivi, atafunga kompyuta, ametimiza. Lakini tunaomba maboksi 180 ifikapo tarehe 31, hilo haliwezi kutimizwa kwa kutazama.

Kuhusu tarehe, mwezi niliuandika kwa herufi kila mahali kwa sababu niliwahi kuandika 3/4 kwa watu wengine na wao wakasoma mwezi wa tatu tarehe nne. Na sikuandika "wiki iliyopita" popote, imeili hizi zinafowadiwa, anayeisoma baada ya mwezi hajui wiki yako ilikuwa ipi.

Vitisho sikuweka. Ile ya kwanza nilisema nitawapeleka mahakamani na nitawaanika mtandaoni, wakati sina wakili wala sina muda. Safari hii kulikuwa na kitu kimoja tu cha kuwabana, malipo ya 180, nacho kilikuwa mkononi mwetu kweli kwa sababu invoisi ilikuwa haijafika siku yake. Dada wa uhasibu alisoma masharti kwanza kuona kama tunaruhusiwa kushikilia sehemu yenye mgogoro, masharti mengine hayaruhusu, ukishikilia tu wewe ndiye unakuwa mkosaji. Na tulishika ya 180 pekee, sio yote, ili wasije wakapata pa kugeuzia kibao.

Niliituma Ijumaa tarehe 20, kwa mtu yuleyule aliyenijibu ile mistari minne, na kopi kwa yule kijana wa mauzo. Bosi alitaka tuweke kopi kwa mkurugenzi wao moja kwa moja. Tulimwacha kwanza, nikasema tarehe 24 ikipita kimya ndio tunapanda ngazi, maana ukimwita mkubwa siku ya kwanza yule wa chini anaanza kujitetea badala ya kufanya kazi.

Jumatatu tarehe 23 likaja jibu. Unyevu haukutajwa tena, sahihi yangu haikutajwa tena. Walisema wanamtuma mtu kuangalia. Akaja jamaa mpole na rula yake mwenyewe, akakata boksi moja mwenyewe, akapiga picha vikaratasi vya bechi, akahesabu na yale 14 yaliyopasuka, yakatimia, akasema tu "eeh, hii imechanganywa wakati wa kupakia". Sikumwambia "si niliwaambia?" Nilitaka sana.

Kesho yake wakaja na ofa, tubaki na maboksi yaleyale watupe punguzo la asilimia 20. Bosi akavutiwa, nikaona macho yake. Lakini boksi la tabaka tatu lenye kilo 18 tulishaliona limelala chini, hata tukipewa kwa nusu bado litalala. Na kwa kuwa tulishaandika tunachotaka, jibu halikuhitaji kikao, mistari miwili tu: asante kwa ofa, maboksi haya hayabebi uzito wetu kwa hiyo punguzo halitatui, tunabaki na ombi la tarehe 20 Machi, mbadala au kredit noti. Wakachagua mbadala.

Tarehe 30 Machi maboksi 180 yakafika. Dereva yuleyule, haraka ileile. Safari hii niliinama nikapita na kidole kwenye kingo za mabunda yote tisa, mawimbi mawili, mawili, mawili, na juu ya sahihi nikaandika kwa kalamu "mabunda 9, kingo zimekaguliwa, ndani hayajafunguliwa". Dereva akanikodolea macho, ila akapokea.

Kumbe kuna kitu nilisahau. Nilipomwambia sasa pakia na yale ya zamani, akasema yeye karatasi yake ni ya kuleta, kuchukua hajaambiwa. Nikakimbilia imeili yangu, nikaisoma juu mpaka chini, kweli, sikuandika popote nani atayaondoa, lini, kwa gharama ya nani. Ikabidi nianze imeili ya tatu, na yale 166 yakakaa mlangoni pa stoo mpaka tarehe 11 Aprili, tunapita upande upande, na mzee kila asubuhi anaweka kikombe chake cha chai juu yake na kuniuliza, "Hawa wageni wako wanaondoka lini?"